Nimeandika maneno ya dakika tatu ya kumshawishi mama wa vitenge aache kulipia picha kila mzigo. Nikosoeni kabla ya Jumamosi

#1 KijanaWaUjiji
Wakuu salaam. Kuna mama ana duka la vitenge hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kila mzigo ukiingia anamwita mpiga picha. Mzigo uliopita ulikuwa na dizaini 30. Mpiga picha alichukua 3,000 kwa kila dizaini, ikawa 90,000. Binti wa kujifunga vitenge akapewa 30,000. Jumla 120,000, na baada ya wiki tatu nusu ya vitenge vimeisha, zile picha hazina kazi tena.

Nataka nimshawishi atumie picha za akili mnemba. Amenipa dakika tatu Jumamosi mchana, saa ambayo wateja wanapungua. Maneno yangu ni haya:

"Shikamoo mama. Mzigo uliopita picha zilikugharimu 120,000. Mimi ninakuletea njia ambayo hutamhitaji mpiga picha wala binti wa kujifunga. Unaandika tu kwenye simu: mwanamke mrembo amevaa kitenge cha bluu chenye maua ya njano, amesimama ufukweni Ziwa Tanganyika. Picha inatoka ndani ya dakika moja. Ukiwa na dizaini 30 unazimaliza kabla ya adhuhuri. Gharama yako ni bando tu. Wateja wa Kasulu na Kibondo wataona picha kama za jarida, wataagiza."

Atanibana wapi?

#2 MvuviKibirizi
Dakika tatu kwa mama wa Mwanga? Salamu peke yake inakula mbili. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 MamaAsaliTbr
Mwanangu hongera kwa kazi. Na mimi niko Tabora, nauza asali ya miombo kwenye chupa. Unanitoza shilingi ngapi nikikutumia chupa zangu? Ila nikuonye, kijana wa jirani alinijaribishia mwezi uliopita. Chupa ilipendeza, asali inang'aa, lakini lebo yangu iliyoandikwa ASALI YA MIOMBO ikatoka ASAII YA MIOMDO. Nikamwambia arudie. Mara ya pili "ASALI" ikatoka sawa ila namba yangu ya simu ikawa na tarakimu nyingine. Mteja angempigia nani?

#4 KijanaWaUjiji
Mama shikamoo. Mimi sijaanza biashara ya kutengeneza, naomba tu ushauri wa maneno. Ila hilo la lebo nimelishika.

#5 KameraMkononi
Mimi ni mpiga picha, na kwa mahesabu hayo huenda mtaani tunapishana. Niseme bila kuzunguka. Ile 3,000 si ya kubonyeza kitufe. Nabeba taa, napanga kitambaa, narudi nyumbani kusahihisha rangi hadi usiku. Halafu hiyo akili mnemba haitengenezi chochote, inaokota picha zetu mtandaoni inakata na kubandika. Mama atauza kitenge kwa picha ya kitenge cha mtu mwingine.

#6 DadaHeri
Nachangia kama mteja. Niko Kibondo. Niliona kitenge kwenye status ya duka moja, silitaji. Bluu ya bahari, ndege wakubwa weupe wamekaa mmoja mmoja. Nikatuma hela, kikaja na basi. Nafungua mfuko, bluu imeelekea zambarau na ndege ni wadogo, wamebanana. Muuzaji akaniambia picha ilikuwa "ya mfano". Nauli ya kukirudisha ilikuwa yangu. Nimekaa na yadi sita ambazo sikuzichagua. Kwa hiyo Kijana, ukimwambia mama aandike tu "kitenge cha bluu chenye maua ya njano", unamtengenezea wateja kama mimi.

#7 MchoraVitambaa
Nafanya kazi ya matangazo ya nguo, na vitenge nimehangaika navyo sana. DadaHeri ameshagusa penyewe, mimi niongeze sababu.

KameraMkononi, uchungu wako nauelewa, na malalamiko kwamba vyombo hivi vilifunzwa kwa picha za watu bila kuwauliza yana msingi. Lakini havikati na kubandika. Chombo kimejifunza vitu vinavyofananaje, kisha kinaanza na picha ya chengachenga tupu, kinaisafisha hatua kwa hatua mpaka ifanane na maneno uliyoandika. Ndiyo maana kitenge kinachotoka si cha mama wala si cha mtu yeyote. Hakijawahi kufumwa.

Sasa watu wanasema basi nampa chombo picha ya kitenge chenyewe, nakiomba kibadilishe mandhari tu. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Vingi vinaikunja kwanza picha yako iwe kitu kidogo sana, halafu vinaikunjua kwa kuichora upya yote, hata sehemu ambayo hukuomba iguswe. Ukuta mtupu utastahimili. Kitenge cha waksi kina mistari myembamba na nyufa ndogo za rangi, na hivyo ndivyo vinavyopotea mwanzo.

Ukitaka kujua kama kimechorwa upya, hesabu. Kitenge halisi kimepigwa chapa, ua lilelile linajirudia sawasawa. Kama ua la kwanza lina petali nane, la kumi nalo lina nane. Kwenye picha ya kuunda utakuta nane, pembeni saba, pembeni tena petali mbili zimeungana. Kisha angalia pindo. Vitenge vingi vina maandishi pembeni, na chombo kinayageuza kuwa herufi zisizosomeka, kama lebo ya Mama Asali.

#8 MtaalamWaSimu
Mnazunguka sana. Tatizo la DadaHeri ni WhatsApp. Ukituma picha inabanwa, rangi na michoro vinaharibika. Atume kama dokumenti, yaishe.

#9 MjukuuWaFundi
Na mimi nasema ni taa. Duka lina taa nyeupe ya dari na nje kuna jua, simu inachanganyikiwa. Bluu inageuka zambarau hata bila akili mnemba.

#10 MchoraVitambaa
Wote mmeshika kipande. WhatsApp inapunguza ukali wa picha kweli, lakini haiongezi petali wala haikuzi ndege. Taa inageuza rangi, haigeuzi mchoro. DadaHeri alipata vyote viwili, rangi na ukubwa wa ndege, kwa hiyo huenda kulikuwa na sababu mbili kwa mpigo. Kwa maelezo yake tu siwezi kuapa.

#11 KijanaWaUjiji
Wakuu nimerudi. Nimeazima kitenge kimoja kwa mama, cha kijani chenye mapambo ya duara. Kila duara lina vijiti 12. Nimekipiga picha kwa simu, nikaomba chombo kibadilishe mandhari tu kiwe ufukwe wa ziwa. Picha ilikuja nzuri nikafurahi kabisa. Kisha nikakumbuka kuhesabu. Duara la kwanza vijiti 12. La pili 11. Chini, karibu na mkunjo, kuna duara lina vijiti 9 na katikati yake pana nukta nyekundu ambayo kitenge hakina. Nimekaa nimeshika kitambaa mkono mmoja na simu mkono mwingine, nikaona aibu kwa maneno niliyoandika pale juu.

Na lingine. Niliandika "ufukwe wa Kigoma", ikachora minazi!

#12 MvuviKibirizi
Minazi Kigoma! Michikichi yetu imenyang'anywa mawese yake. Boti yangu ilichorwa na tanga, eti tuko Zanzibar.

#13 BabuWaReli
Mjukuu wangu alitengeneza picha ya Liemba kwa ajili ya kadi. Ikatoka meli kubwa ya watalii, madirisha mamia. Liemba ni meli ya 1913, tunaijua umbo lake tangu utotoni. Chombo hakijui vya kwetu.

#14 MjukuuWaFundi
Babu umenikumbusha safari ya Kasanga... tusihamishe uzi. Mchora, endelea, afanyeje sasa? Jumamosi inakaribia.

#15 MchoraVitambaa
Afanye kinyume cha script yake. Kitambaa kiwe picha halisi, mandhari ndiyo iundwe.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mama atundike kitenge kwenye kamba mlangoni upande wa kivuli. Taa ya ndani izimwe, flashi izimwe, simu ishikwe sambamba na kitambaa isiinamishwe. Pembeni aweke karatasi nyeupe ya manila. Hiyo karatasi ndiyo shahidi wa rangi. Kama kwenye picha imeelekea njano au bluu, sahihisha mpaka iwe nyeupe, na kitenge kitarudi kwenye rangi yake. Dizaini 30 kwa mtindo huo ni kama saa moja ukishazoea.

Kisha kata kitambaa kwenye picha. Hapa kuna mtego. Programu kadhaa za kukata bure zinakurudishia picha ndogo, na mistari ya waksi inafifia kabla hujaanza. Angalia ukubwa kabla na baada.

Mandhari iundwe peke yake, tupu, bila kitenge ndani yake. Mimi naandika hivi:

```
Ukuta mtupu wa udongo mwekundu, benchi la mbao chini,
mwanga laini wa asubuhi kutoka kushoto.
Hakuna mtu, hakuna nguo, hakuna maandishi.
```

Ukishapata mandhari, leta kitambaa chako juu yake kama leya. Kwa njia hii chombo hakijagusa hata uzi mmoja wa kitenge. Mandhari mbili tatu zinamtosha mama mwezi mzima, haina haja ya kuunda 30. Na jina la duka na bei aandike mwenyewe juu ya picha kwa programu ya kawaida, asimwachie chombo kuandika. Mama Asali, na wewe vivyo hivyo, chupa iwe yako halisi na lebo yake, kinachoundwa ni meza na msitu nyuma.

#16 KameraMkononi
Hapa sasa tunaongea. Niongeze jambo moja ambalo wengi hawalioni. Kivuli. Ukipiga kitenge mwanga ukitoka kulia, halafu mandhari ikawa na mwanga wa kushoto, mteja hatajua kasoro iko wapi lakini ataona kitu kimebandikwa. Mikunjo ya kitambaa ndiyo inayokwambia mwanga ulitoka wapi. Tazama upande wa mkunjo uliong'aa, kisha uandike upande huohuo kwenye maelezo ya mandhari. Na uweke kivuli chepesi chini ya kitambaa, kisielee hewani.

Bado nasema kazi yetu inaliwa. Mimi 90,000 ile ni karo ya mtoto.

#17 MchoraVitambaa
Ahsante kwa la mwanga, sikulisema. Na la karo silipuuzi.

#18 WakiliMtarajiwa
Angalizo kwa mama. Akionyesha kitenge kwa picha isiyofanana na bidhaa, asijifiche nyuma ya neno "picha ya mfano". Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha mlaji kwenye biashara.

#19 MtaalamWaSimu
Si TCRA hao ndio wanaoshika mambo ya picha za mtandaoni?

#20 WakiliMtarajiwa
TCRA ni mawasiliano. Hiyo niliyoitaja inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

#21 MamaLishePamba
Mnaongea picha tu, script yenyewe hamjaigusa. Mimi nimeuza nguo miaka mingi, niwaambie mwenye duka anasikia nini. Ukianza na "hutamhitaji mpiga picha", anawaza huyu kijana kaja kumharibia mtu riziki, kesho ataniharibia na mimi. Huyo mpiga picha huenda alimpiga picha za harusi ya binti yake. Ukisema "gharama yako ni bando tu", anajua unadanganya, kwa sababu kuna mtu lazima akae na simu saa nzima, na huyo mtu ni yeye au ni wewe utakayemdai baadaye. Taja saa hizo mwenyewe.

Na usimwonyeshe picha nzuri kwanza. Mwambie achague kitenge kwenye rafu kwa mkono wake. Mpe simu yenye picha yake, aweke kitambaa pembeni ya kioo. Aangalie mwenyewe kama vinafanana. Mwenye duka la vitenge anashindwa kusoma mambo mengi ya simu, lakini kitambaa chake hadanganywi.

#22 KijanaWaUjiji
Mama shikamoo, umenifungua macho. Nimeandika upya:

"Shikamoo mama. Habari za biashara? Mzigo uliopita picha za dizaini 30 zilikula 120,000. Naomba uchague kitenge kimoja chochote hapo rafuni. Hiki? Nakipiga picha sasa hivi hapa mlangoni kwako, kitambaa hichohicho. Shika simu, weka pembeni, hesabu maua. Kitambaa ni chako, sijakigusa. Kilichoundwa na akili mnemba ni huu ukuta na benchi tu. Hapa kuna picha ya pili, hii chombo kilichora kitenge chenyewe. Angalia duara hili, vijiti 9, kile cha kijani ulichoniazima kina 12. Hii hatutaitumia kamwe, hata ipendeze vipi, maana mteja wa Kibondo atakirudisha.

Kazi yake ni saa moja ya kupiga na kama saa tatu za kukata na kupanga, kwa dizaini 30. Mzigo wa kwanza nitafanya mimi kwa 40,000 huku nikimfundisha binti yako wa dukani. Tuanze na dizaini tano tu. Ukiona wateja wanaleta maneno, tunaacha. Na yule mpiga picha usimwache, muite ukiwa na magauni yaliyoshonwa, hayo yanataka mtu wa kuyavaa."

#23 MamaLishePamba
Hii ina uso wa mtu. Ila ile sentensi ya mwisho isogeze juu kidogo, ataipenda.

#24 MjukuuWaFundi
Napinga hapo kwenye magauni. Siku hizi chombo kinaweza kumvisha binti wa kuundwa gauni lako. Kwa nini umlipe mtu?

#25 KameraMkononi
Kwa sababu gauni si rangi peke yake. Kitenge cha waksi kipya ni kigumu, kinasimama. Chombo kinakilaza kama hariri. Mteja ataona gauni linamwagika, akivaa linasimama kama mwavuli.

#26 DadaHeri
Na kiuno. Binti wa kuundwa ana kiuno ambacho sisi hatuna. Nikiona gauni juu ya mtu wa kweli najua urefu wake unanifika wapi.

#27 MjukuuWaFundi
Lakini hata binti wa kweli mnambana pini mgongoni wakati wa kupiga! Mimi ni mtoto wa fundi, nimezishika pini hizo. Hapo nani anasema kweli?

#28 MchoraVitambaa
Hoja ya pini ni ya haki. Mimi binafsi sivishi mtu wa kuundwa nguo ya kuuza, ila najua wenzangu wanaofanya na wanaandika wazi kwamba mtu ameundwa. Wanasema wateja hawalalamiki. Mimi nililetewa malalamiko mara mbili nikaacha. Labda nguo zao ni laini.

#29 MamaAsaliTbr
Nimefanya kama Mchora alivyosema. Chupa nimeipiga dirishani, lebo imesomeka yote hadi namba ya simu. Shida ni moja, chupa ni kioo. Nyuma ya asali kunaonekana pazia langu la maua, wakati mandhari ni msitu. Nikikata, pazia linabaki ndani ya chupa!

#30 KameraMkononi
Mama, kioo ndicho kigumu kuliko vyote. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chupa wakati wa kupiga, mwanga upite kwenye asali. Itabaki rangi ya asali tupu. Ukishindwa nitumie ujumbe, niko Tabora wiki ijayo kwenye harusi.

#31 KijanaWaUjiji
Wakuu, mrejesho wa Jumamosi. Sikufika dakika tatu, nilikaa saa nzima na nikapewa chai. Alichagua kitenge kilicho kigumu kupiga picha, cheusi chenye dhahabu inayong'aa. Aliweka simu pembeni, akatazama, akaita na jirani wa duka la viatu. Maua yalilingana. Kisha akakigeuzageuza kitambaa kwenye mwanga wa mlango, ile dhahabu ikawaka na kuzima, akaniuliza: "Mbona kwenye simu haiwaki?" Sikuwa na jibu.

Ile picha ya vijiti 9 aliicheka, akasema kumbe ndivyo wanavyofanya wale wa status. Amekubali dizaini tano, zote za waksi ya kawaida. Za dhahabu amesema atamwita mpiga picha wake. Na ameniuliza swali la pili: mteja wa mbali akisema si nilichokiona, nauli ya kurudisha ni ya nani, yake au yangu niliyetengeneza picha? Nimemwomba hadi Jumatano.

#32 KameraMkononi
Dhahabu ile inahitaji taa ya pembeni, au video fupi ya sekunde tano kitambaa kikitikiswa. Hata mimi kwa picha moja siiwezi vizuri.

#33 MamaLishePamba
La nauli usilibebe peke yako. Gawaneni nusu kwa hizo tano za mwanzo.

#34 WakiliMtarajiwa
Nusu ya nini? Kama kitambaa ni picha halisi na rangi imethibitishwa kwa karatasi, kosa la mtengeneza picha liko wapi? Anayeuza ndiye anayejibu kwa mteja.

#35 DadaHeri
Na mteja mwenye simu ya kioo kilichofifia je? Mimi yangu inaonyesha kijani kama bluu.